Shusha Pumzi Kwanza, Ndipo Uanze Itifaki

Mtu akilalamika kwamba sauti yake hutetemeka mbele za watu, ushauri anaopewa karibu kila mahali ni ule ule: vuta pumzi ndefu. Mimi niliufuata kwa miaka, na kadiri nilivyovuta ndivyo sauti ilivyozidi kutetemeka. Nilikuja kuelewa baadaye kwamba kazi kubwa iko kwenye pumzi inayotoka, na kwamba pumzi inayoingia hujileta yenyewe ukiipisha. Naandika haya kwa ajili ya wale ambao, kama mimi, kazi zao zinawalazimu kusimama na kusoma taarifa mbele ya wakubwa.

Mimi ni afisa lishe katika halmashauri moja ya wilaya. Kila robo mwaka tunakuwa na kikao cha tathmini ya mkataba wa lishe. Mkuu wa Wilaya ndiye mwenyekiti, ukumbini wapo Katibu Tawala, Mkurugenzi, Mganga Mkuu, wakuu wa idara, watendaji wa kata na wadau, na anayewasilisha taarifa ni mimi. Takwimu nazijua, nyingi nimezifuata mwenyewe vituoni. Hofu ya kutojua la kusema sikuwa nayo. Kilichokuwa kinanitesa ni mwili: nikisimama tu, salamu zinatoka na mtetemo, na watu wakisikia mtetemo wanadhani huna uhakika na unachokisema. Mjumbe mmoja aliwahi kuniuliza kama zile takwimu ni zangu kweli. Kauli ile iliniuma sana, maana takwimu zilikuwa zangu.

Aliyenifungua macho ni mwalimu wa kwaya wa parokia niliyokulia, mzee ambaye amefundisha waimbaji tangu sijazaliwa. Nilikuwa nyumbani likizo, nikaenda kumsalimia, mazungumzo yakafika hapo.

"Nitolee 'sss'," aliniambia, "pumzi moja tu, mpaka iishe. Usiharakishe."

Nikavuta hewa, nikaanza. Ile "sss" ilianza kwa nguvu, ikapungua, ikapanda tena, ikakatika mapema.

"Umeona mabega yako yalivyokwenda?" aliuliza. "Binti yangu, wewe huna shida ya sauti. Sauti hata hujaitumia hapo, na bado hiyo 'sss' inayumba. Kinachoyumba ni pumzi."

Jaribio hilo ni la kweli na yeyote anaweza kulifanya sasa hivi. Herufi "s" haihitaji nyuzi za sauti kabisa. Ni hewa inapita kwenye meno. Ikitoka kwa mawimbi, inapanda na kushuka, basi ujue msukumo wa hewa yako haujatulia, na sauti itakayopanda juu ya hewa hiyo itayumba vilevile. Ikitoka bapa, nguvu ile ile mwanzo hadi karibu na mwisho, kwa sekunde 15 au 20, una msingi wa kutosha kwa hotuba yoyote. Huhitaji kufika dakika.

Sasa nieleze kinachotokea ndani, maana nilipokielewa ndipo mazoezi yalipoanza kunisaidia. Sauti hutokea hewa inapotoka mapafuni na kuzitikisa nyuzi mbili ndogo zilizo ndani ya zoloto, hapo shingoni. Kwa mwanamke anayezungumza kawaida hutikisika kama mara 200 kwa sekunde, kwa mwanamume mara 100 hadi 120 hivi. Hewa ikisukuma kwa kipimo kimoja, sauti inanyooka. Ikisukuma kwa kushtuka, sauti inapanda na kushuka nayo. Ukiwa na hofu mwili unamwaga adrenalini, misuli inakaza na kutetemeka. Wote tunajua magoti na vidole vinavyotetemeka, lakini misuli ya kifua, ya tumbo na ya koo ni misuli pia, na adrenalini haiichagui.

Halafu kuna kiwambo, ule msuli mpana wenye umbo la kuba unaotenganisha kifua na tumbo. Msuli huo ukijikaza, kuba linashuka na kuwa bapa, mapafu yanapata nafasi ya kupanuka kwa chini, na hewa inaingia. Tumbo linatokeza mbele kwa sababu kiwambo kimesukuma maini, tumbo la chakula na matumbo kwenda chini na mbele. Hakuna hewa inayoingia tumboni. Nalisema hili kwa sababu nimewaona watu wanaosukuma tumbo nje kwa nguvu huku hewa bado inaingia kwa juu, wakiamini wanapumua kwa kiwambo. Tumbo linatakiwa lilegee, kiwambo kilisukume chenyewe.

Na jambo ambalo wengi hawaambiwi: kiwambo ni msuli wa kuvutia hewa. Unapozungumza, hewa inatoka, kiwambo kinalegea na kurudi juu. Kwa hiyo ufundi wote wa kutuliza sauti uko katika kukifanya kirudi polepole, mbavu za chini zibaki zimefunguka kidogo wakati unaongea, zisiporomoke zote kwa mara moja kwenye maneno matatu ya kwanza.

Ukielewa hayo, utaona kwa nini "vuta pumzi ndefu" humuumiza mwenye hofu. Mtu anayengoja kuitwa jukwaani anakuwa anapumua vijipumzi vifupi vya juu, anaingiza zaidi ya anavyotoa. Kifua chake tayari kimejaa. Ukimwambia avute tena, hewa mpya haina pa kwenda ila juu, kwa hiyo mabega yanapanda na misuli ya shingo inasimama. Kifua kilichojaa hivyo kinataka kujirudi, na kizuizi pekee kinachobaki ni koo. Koo linajifunga ili kuishikilia ile hewa. Hapo ndipo neno la kwanza linatoka limebanwa, la pili linafyatuka, la tatu linatetemeka. Mimi nilikuwa nahisi kabisa kama kuna mtu amenishika shingoni, na nilidhani ni hofu tupu. Ilikuwa hewa niliyoirundika mwenyewe.

Kwa hiyo mwalimu alinianzisha kwa kutoa. Alinilaza chali kwenye mkeka, magoti yamekunjwa, nyayo chini, kiganja kimoja kifuani na kingine kati ya kitovu na chembe ya moyo. Akaniambia nishushe pumzi yote kwa mdomo, taratibu, kama anayepoza chai, mpaka nihisi tumbo linaanza kujibana lenyewe, kisha nifunge mdomo na nisifanye lolote. Kwa muda mfupi sana hakuna kinachotokea. Kisha hewa inaingia yenyewe kwa pua, mkono wa tumboni unanyanyuka, wa kifuani hautikisiki. Hiyo ndiyo pumzi ya kiwambo. Sikuivuta, niliipisha tu.

Kulala chali kunasaidia kwa sababu huna haja ya kujisimamisha, tumbo linakubali kulegea. Ugumu unakuja ukisimama, kwani wengi wetu, wanawake hasa, tumezoea kulibana tumbo siku nzima. Ukikwama ukiwa umesimama, kaa kwenye kiti, inama mbele, viwiko juu ya magoti, kisha pumua. Tumbo likizuiwa na mapaja, utahisi mbavu za nyuma, juu kidogo ya kiuno, zinapanuka. Ukishazihisi hapo, simama uweke viganja kwenye mbavu za chini ubavuni, vidole gumba vikielekea mgongoni, utafute upanuzi ule ule. Mimi mbavu za nyuma zilinisaidia kuliko tumbo. Tumbo ninaweza kulidanganya, mgongo hauwezi kudanganya.

Zoezi lililonibadilisha zaidi lilikuwa la mrija na chupa ya maji. Unachukua chupa ya nusu lita, maji hadi nusu, unatumbukiza mrija wa soda kama sentimita 2 hivi chini ya uso wa maji, unafunga midomo kwenye mrija na kutoa sauti ya "uuu" kwa pumzi moja huku mapovu yakitoka. Wataalamu wa sauti hulitumia sana zoezi hili. Mtafiti Mmarekani Ingo Titze ni mmoja wa walioeleza kwa nini linafanya kazi: mrija unazuia hewa kidogo mbele, kizuizi hicho kinarudisha msukumo nyuma hadi kwenye nyuzi za sauti, nazo zinatikisika bila kugongana kwa nguvu.

Ninachokipenda mimi ni kwamba unaiona pumzi yako kwa macho. Msukumo ukiwa sawa, mapovu yanapanda mfululizo, ukubwa mmoja, mlio mmoja. Ukiyumba kidogo tu, yanakuja kwa mafungu, makubwa mawili, kimya, madogo matatu. Siku za mwanzo mapovu yangu yalikuwa yanaanza kwa kishindo, maji yananirukia usoni, kisha yanafifia. Maana yake nilikuwa namwaga hewa yote mwanzoni. Nilipojifunza kuanza kidogo na kuziacha mbavu zikae wazi, mapovu yalinyooka, na nilipoondoa mrija na kusoma aya moja ya taarifa papo hapo, nilisikia sauti yangu ya kawaida, ile ninayoongea nayo jikoni. Dakika 5 asubuhi zinatosha. Acha mashavu yalegee, na usisukume hadi tone la mwisho la hewa. Ukihisi tumbo linakamua, acha, ruhusu hewa iingie, uanze tena.

Hayo ni ya nyumbani. Ukumbini kuna mtihani mwingine, nao kwa sisi watumishi unaitwa itifaki. Angalia salamu niliyokuwa naisema kila kikao:

"Mheshimiwa Mwenyekiti, Mkuu wa Wilaya, Katibu Tawala wa Wilaya, Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri, Mganga Mkuu na wakuu wa idara na vitengo, watendaji wa kata, wadau wetu, mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa."

Hizo ni silabi karibu 90. Kwa kuwa tumeikariri, tunaifyatua kwa pumzi moja, au pumzi moja na kijipumzi cha wizi katikati. Ukifika kwa wadau hewa ya kuongelea imekwisha, unaanza kukamua ile ya akiba, koo linabana ili lisaidie, na "itifaki imezingatiwa" inatoka imekwaruza na kutetemeka. Kisha unavuta hewa kwa mshtuko, kwa mdomo, kipaza sauti kinausikia mkwaruzo huo, na taarifa yenyewe inaanza kwa kifua kilichojaa juu. Yaani umeshaharibikiwa kabla hujasema neno moja la lishe. Nikiwasikiliza wenzangu sasa, mara nyingi naweza kutaja mahali hasa ambapo sauti itavunjika, na huwa ni hapo.

Nilikaa na karatasi, nikaigawa salamu kwa kalamu nyekundu, mkwaju mmoja kila pahali pa kupumua: baada ya Mkuu wa Wilaya, baada ya Mkurugenzi, baada ya vitengo, kisha baada ya mabibi na mabwana. "Itifaki imezingatiwa" nikaipa pumzi yake yenyewe. Pumzi tano fupi mahali pa moja ndefu. Nilihofia itasikika imekatikakatika. Ilisikika imetulia, tena yenye heshima zaidi, kwa sababu kila mkubwa anatajwa na kuachiwa nafasi yake, na ukimtazama unapomtaja unapata sababu ya kusimama kidogo.

Pumzi hizo za katikati si za kuvuta. Mwisho wa kila kipande unaliachia tumbo tu, kama lilivyofanya kwenye mkeka, na hewa inaingia kwa chini ya sekunde moja, bila kelele. Kelele ndiyo kipimo. Ukijisikia unavuta hewa kwa mlio, umerudi mabegani.

Tena kuna bahati moja ambayo itifaki yetu inatupa. Inaanza na "Mheshimiwa". Herufi "m" ni ya midomo iliyofungwa, sauti inapita puani, nyuzi za sauti zinaanza kutikisika taratibu bila kugongana, karibu sawa na ule mrija. Ukiipa "m" hiyo muda kidogo, ukaivumisha kwa sauti ya chini kabla ya kufungua mdomo, sauti inakuwa imekwisha kutulia unapofika "heshimiwa". Anayeanza na "Awali ya yote" au "Asanteni" anaanza na irabu, na irabu mwanzoni mwa pumzi iliyobanwa hugonga. Siku ambayo najijua nimebanwa, naanza na "m", bila mjadala.

Kuhusu dakika za kungoja. Ratiba ikionyesha nimebakiza mtu mmoja kabla yangu, naanza kupumua kwa hesabu: naingiza kwa pua nikihesabu 4, natoa nikihesabu 6. Kila mzunguko ni kama sekunde 10, yaani pumzi 6 kwa dakika, wakati mtu mzima aliyetulia hupumua mara 12 hadi 20. Sababu ya kuifanya pumzi inayotoka iwe ndefu unaweza kuithibitisha kwa kidole kwenye mshipa wa mkono: ukivuta, mapigo ya moyo yanakimbia kidogo; ukitoa, yanapungua. Ukirefusha kutoa, unaupa moyo muda mrefu zaidi upande wa taratibu. Nafanya hivyo nikiwa nimekaa, mkono juu ya mkoba uliopakatwa tumboni ili nihisi mnyanyuko, na hakuna anayejua. Dakika 3 hadi 5 zinanitosha. Usizijaze pumzi hizo; ziwe za kawaida, ila za polepole. Vidole vikianza kuwasha au midomo kufa ganzi, au kichwa kikawa chepesi, ujue unapumua kupita kiasi na unatoa kabonidayoksaidi nyingi mno. Acha hesabu, pumua kawaida, itapita.

Nikiitwa, natembea huku natoa. Hapo watu wengi wanakosea kwa sababu wanavuta hewa wakiwa njiani na kufika nayo wameishikilia. Mimi nafika, naweka karatasi, nasogeza kipaza sauti, na wakati mikono inafanya hayo naimalizia pumzi iliyobaki. Nafunga mdomo. Tumbo linalegea, hewa inaingia, na hewa hiyo inapogeuka tu, naanza "Mheshimiwa". Kusiwe na pengo kati ya kuingia na kuanza. Pengo hilo, hata la sekunde mbili tu, ndipo koo linapojifunga.

Katikati ya wasilisho, adui wangu mkubwa zimekuwa namba. Kwa Kiswahili namba ni ndefu. Chukua sentensi ya mfano: "Asilimia tisini na tatu nukta nne ya watoto wenye umri wa miezi sita hadi hamsini na tisa walipata matone ya vitamini A." Ukiianza na hewa ya nusu, utakwama kwenye hamsini, na namba iliyokatwa katikati na pumzi husikika kama namba unayoitilia shaka. Naweka mkwaju kabla ya asilimia na mwingine baada ya "nukta nne". Halafu nina mapumziko ambayo hayahitaji maelezo kwa mtu: "Naomba slaidi inayofuata." Wakati projekta inabadilika natoa hewa iliyosalia na kuanza upya. Mtetemo ukirudi, na hurudi, sipunguzi sauti. Sauti ya chini sana inahitaji udhibiti mkubwa zaidi, kwa hiyo mtetemo unaonekana zaidi. Namalizia sentensi, naachia tumbo, nasema inayofuata taratibu kidogo kwa sauti ile ile.

Mwaka jana kijana mmoja wa idara ya kilimo aliniomba nimsaidie. "Dada," aliniambia, "mimi nikishika kipaza sauti nasikia kama nataka kulia." Nikamwomba anisomee ukurasa wa kwanza wa taarifa yake ofisini, sisi wawili tu. Sauti yake ilikuwa nzuri. Nikamwambia asome tena akiwa amesimama, amevaa atakavyovaa siku ya kikao. Alikuwa na mkanda aliokaza hadi shimo la mwisho na shati lililobana tumboni. Kiwambo chake hakikuwa na pa kushukia. Tulilegeza mkanda shimo moja, akasoma tena, na mwenyewe akasikia tofauti.

Jambo la pili liligunduliwa kwenye ratiba: alikuwa anawasilisha saa nane mchana, mara baada ya chakula. Kwenye vikao vyetu chakula ni wali, nyama, maharage na soda, na mtu akishiba hivyo tumbo la chakula linakizuia kiwambo kwa chini, halafu gesi ya soda inamalizia. Nikamshauri ale kidogo, anywe maji ya kawaida, soda aichukue baada ya kumaliza. Tukaigawa itifaki yake kwa kalamu. Niligundua pia kwamba akisimama anayakaza magoti hadi yanarudi nyuma. Magoti yakikazwa hivyo kiuno kinajipinda na tumbo linakazwa nalo. Akajifunza kuyalegeza.

Siku yenyewe nilikaa safu ya tatu nikimwangalia shingo. Mishipa haikusimama. Mikono ilikuwa inatetemeka, karatasi ilionekana, lakini sauti ilinyooka kuanzia salamu hadi jedwali la mbolea. Ilivunjika mara moja tu, diwani mmoja alipomkatiza kwa swali kali, na kijana akajibu palepale kwa hewa aliyokuwa amebaki nayo. Tulipoongea baadaye alitaka kujua alipaswa kufanya nini. Jibu ni kwamba swali linapoulizwa, sikiliza ukiwa unatoa pumzi. Watu tunaposhtuka tunaishikilia. Ukiitoa wakati muulizaji bado anaongea, akimaliza unakuwa tayari umelegea, hewa inaingia, na utaratibu wa kikao unakutaka uanze tena na "Mheshimiwa Mwenyekiti", kwa hiyo "m" yako ipo.

Nimwambie ukweli msomaji kuhusu mipaka ya njia hii. Haiondoi mtetemo wa mikono, haizuii jasho, wala haimpi mtu takwimu ambazo hakuzitafuta. Haifanyi kazi ukiikumbuka siku ya kikao tu. Mwili wenye hofu unarudi kwenye ulichokizoea, kwa hiyo ile ya mkeka na ya mrija ndiyo inayokuokoa ukumbini. Mwenye pumu au ugonjwa mwingine wa mapafu azungumze kwanza na anayemtibu kuhusu mazoezi ya kupumua, maana wapo ambao kupumua kwa tumbo huwaongezea kazi.

Tena si kila sauti inayotetemeka ni ya hofu. Kama inatetemeka au kukatika hata ukiongea na watoto nyumbani, umetulia, hilo pumzi peke yake haliwezi kulitatua. Yapo matatizo ya mishipa ya fahamu yanayoigusa sauti moja kwa moja. Sauti iliyokwaruza kwa zaidi ya wiki 3 inahitaji daktari wa masikio, pua na koo aitazame zoloto. Mtetemo ukiambatana na mikono kutetemeka wakati wote, moyo kwenda mbio na kupungua uzito, tezi ya shingo ipimwe. Na dawa ya propranolol, ambayo watu hupeana siku za usaili ili moyo usikimbie, isichukuliwe kwa rafiki: kwa mwenye pumu inaweza kuyabana mapafu vibaya sana, na daktari pekee ndiye wa kusema nani aimeze na kwa kipimo gani.